Chumba cha kontena la futi 20: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi wa kuchomelea Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kugeuza makontena kuwa vyumba: ofisi ndogo, saluni, duka, chumba cha mlinzi. Simu ninazopigiwa zina maswali yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Ili tusizunguke, nitarudi mara nyingi kwenye kontena moja nililolifanyia kazi Kigamboni, karibu na bahari, kwa mama mmoja fundi cherehani. Alitaka mlango mmoja, madirisha mawili, na asichemke ndani saa nane mchana.

## Fundi, ndani kuna nafasi kiasi gani hasa?

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 5.9 kwa ndani, upana mita 2.35 na kimo karibu mita 2.39. Ukishaweka kinga ya joto na mbao za kufunika, upana unabaki kama mita 2.2 na kimo mita 2.3. Kitanda na kabati vinaenea, cherehani mbili na meza ya kukatia vinaenea. Pangaboi halifai, litakuwa usawa wa mkono wa mtu anayevaa shati. Funga feni ya ukutani.

Yapo makontena marefu kwenda juu, yanayoitwa haikyubu, yenye kimo cha ndani cha mita 2.69. Mengi ni ya futi 40. Ukikuta la futi 20 la aina hiyo na bei si ya kuumiza, lichukue.

## Nikienda kununua nitazame nini?

Ingia ndani, mwambie mwenzako afunge milango yote miwili, kisha kaa kimya gizani dakika moja mpaka macho yazoee. Ukiona nyota, kila nyota ni tundu la kutu au ufa. Tatu au nne ukutani zinazibika. Paa lililojaa nyota, achana nalo, kwa sababu panapopita mwanga bati la jirani yake nalo limeshakuwa jembamba kama karatasi.

Ukitoka, lala chini utazame tumboni. Sakafu inabebwa na vyuma vilivyolala kwa kukatisha upana, na watu wengi hawavitazami kabisa. Vigonge kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka. Halafu panda juu uone kama paa limebonyea mahali, maana kila kibonyeo ni kidimbwi cha maji ya mvua. Rangi iliyochakaa na wekundu wa juujuu usikutishe, hiyo ni kazi ya brashi.

Kwenye mlango kuna bamba dogo la chuma lililopigiliwa. Lina mwezi na mwaka lilipotengenezwa, na mara nyingi lina mstari unaotaja dawa iliyowekwa kwenye mbao za sakafu. Lipige picha, utalihitaji tukifika kwenye sakafu. Mwombe muuzaji hati za mauzo na za forodha kabla ya kutoa hela. Na kabla lori halijaja, pita njia nzima ukitazama juu: kontena tupu lina zaidi ya tani mbili, na kreni ikilinyanyua chini ya nyaya za umeme hakuna wa kukuokoa.

## Lielekee upande gani?

Swali hili watu huniuliza kontena likiwa limeshashushwa, na hapo linakuwa swali la kujuta. Kwenye pwani yetu jua na upepo vinakubaliana kwa bahati njema. Jua la kuumiza ukuta ni la asubuhi na la jioni, kwa sababu liko chini na linapiga ukuta uso kwa uso. La jioni ni baya zaidi kwani hewa nayo imeshapata moto. Kwa hiyo ncha fupi za kontena zitazame mashariki na magharibi, na kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini.

Sasa angalia upepo. Kaskazi unavuma kutoka kaskazini mashariki miezi ya Desemba hadi Machi, kusi unachukua zamu kuanzia Aprili. Madirisha yakiwa kwenye kuta ndefu, moja kila upande, upepo wa msimu wowote unaingia huku unatokea kule. Kigamboni tuliweka mlango na dirisha moja kaskazini, dirisha la pili kusini likitazamana na lile la kwanza. Milango mikubwa ya asili tuliielekeza mashariki, maana hatukuwa na mpango wa kuiwekea kinga ya joto.

Dirisha moja tu upande mmoja halileti upepo, hata liwe kubwa kiasi gani. Hewa haina pa kutokea.

## Linakaa juu ya nini? Naweza kuliweka chini tu?

Usiliweke juu ya udongo. Unyevu utalila kuanzia tumboni na hutaona mpaka sakafu ianze kubonyea.

Uzito wote wa kontena unashuka kwenye pembe nne za chini, pale penye vyuma vinene vyenye matundu. Nguzo nne fupi za zege zinatosha, moja kila pembe, zinyanyuke kama sentimita 40 kutoka ardhini ili upepo upite chini na wewe uweze kuingia na brashi baadaye. Ukiwa na mpango wa kukata nafasi kubwa kwenye ukuta mrefu, ongeza nguzo katikati ya ukuta huo.

Kazi iko kwenye usawa. Tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi, siyo jicho. Pembe moja ikiwa chini sentimita mbili, boksi zima linajikunja kidogo na milango mikubwa inagoma kufunga. Watu hudhani bawaba zimeharibika, wanazikata. Ingiza kwanza kipande cha bati nene chini ya pembe iliyozama, uone kama mlango hautarudi wenyewe.

## Nikikata ukuta, kontena halitalegea?

Inategemea unakata nini. Kontena linapopangwa bandarini na mengine yakaja juu yake, mzigo unashuka kwenye nguzo nne za pembe. Ndiyo maana nguzo hizo hazikatwi, hazitobolewi, na mimi huacha walau sentimita 30 za ukuta mzima kati ya nguzo na mlango au dirisha lolote.

Lakini bati la ukuta nalo lina kazi. Lina unene usiofika milimita 2, ila mikunjo yake inalifanya liwe kama ubao uliosimamishwa wima kati ya reli ya juu na reli ya chini. Linazuia reli hizo zisipinde na linazuia boksi lisiyumbe kwenda kushoto na kulia. Ukitoa kipande cha mlango, reli ya juu inabaki na sehemu isiyoshikiliwa na kitu. Kwa pengo la sentimita 90 fremu ya skwea paipu inarudisha nguvu iliyotoka. Kwa pengo la mita tatu, fremu ya namna hiyo haitoshi, unahitaji boriti juu na nguzo mpya mbili zinazoshuka mpaka chini. Ukitaka kutoa ukuta wote ili uunganishe makontena mawili, hapo mtafute mhandisi akupigie hesabu. Mimi kazi hiyo sifanyi bila mchoro.

Reli yenyewe usiiguse, ya juu wala ya chini. Wateja huniomba nikate ya chini ili kizingiti kisiwepo. Jibu ni hapana, tutajenga ngazi.

Paa nalo ni bati tupu lisilo na boriti chini yake. Usilitoboe kwa ajili ya dirisha la juu wala bomba la moshi, utakuwa umefungua mlango wa mvua.

## Hatua za kukata ni zipi?

Watu wengi hukata kwanza, kisha wanatengeneza fremu ya kuingiza kwenye tundu. Mimi naanza na fremu. Kwa mlango wa Kigamboni wa sentimita 90 kwa 210 nilitumia skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene milimita 3. Niliiunganisha chini, nikapima mishazari miwili kutoka pembe hadi pembe. Vipimo viwili vikilingana, pembe zote nne za fremu ni nyuzi 90 kamili.

Nikaisimamisha ndani ya kontena, nikaweka pima maji, kisha nikaishika ukutani kwa vidonda vidogo vya kuchomelea. Juu niliipandisha mpaka ikagusa reli ya juu, chini ikasimama juu ya reli ya chini. Hivyo ukuta unakuwa umeshashikwa kabla hujapoteza kitu, na bati halichezi wakati wa kukata.

Halafu nikatoboa matundu manne kwa drili kutoka ndani, kwenye pembe za ndani za fremu. Ukitoka nje unayaona, unaunganisha kwa chaki, mstari unakuja wenyewe. Ukikata kwa grenda, acha vishikio vya sentimita mbilimbili kila pembe. Kile kipande cha mlango kina kilo kama 30, kingo zake ni wembe, na kikianguka hakiulizi mguu wa nani. Washike watu wawili wenye glovu za ngozi, ndipo ukate vishikio.

Sasa unabaki na tatizo la mikunjo. Fremu yako ni bapa, ukuta unapanda na kushuka, kwa hiyo kuna vipengo kila baada ya sentimita kadhaa. Hapa ndipo mafundi wavivu hujaza silikoni. Kata vipande vidogo vya bati ulilolitoa, vizibe vipengo, uchomelee. Tumia vijiti vyembamba vya milimita 2.5, umeme mdogo, na usichome mstari mrefu kwa mkupuo: sentimita tatu hapa, ruka uende upande wa pili, urudi baadaye. Ukichoma mfululizo bati linatoboka au linajikunja kama samaki kwenye mafuta, na halinyooki tena. Upande wa nje mshono ufungwe wote, maana ufa ulioachwa wazi unanyonya maji na kutu inaanzia ndani yake pasipofika brashi.

Mwisho, juu ya kila mlango na dirisha chomelea kipande cha pembenne kilichoinama kidogo kwa nje, kama kope juu ya jicho. Bila hicho, maji yanayoteremka ukutani yataingia kwenye fremu kila mvua.

## Grenda, gesi au plazima?

Grenda yenye jiwe jembamba la kukatia inatosha kwa chumba kimoja. Plazima ni haraka na safi, ukiwa nayo. Gesi inaunguza rangi mbali na mstari na inaacha kingo zenye vinundu ambavyo utavisaga siku nzima.

Jambo moja kuhusu grenda: zile cheche ni vipande vya chuma cha moto, vinanata kwenye rangi iliyo jirani. Usipovifagia na kuvipangusa siku hiyohiyo, kesho yake asubuhi baada ya umande utaona ukuta mzima una madoa ya kahawia kama chai iliyomwagika. Mteja ataapa umemletea kontena bovu.

## Nikinywa maziwa moshi wa kuchomelea haunidhuru, si ndiyo?

Siyo. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kwenye mapafu. Rangi za makontena nyingi zina zinki chini yake, na ukiichoma unaweza kuamka usiku na homa, baridi na kifua kubana, ukadhani ni malaria. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Saga rangi yote mpaka chuma kitupu, sentimita tano kila upande wa mshono, ukiwa na barakoa ya vumbi inayobana uso. Fungua milango yote miwili, kaa upande upepo unakotoka.

## Joto: nianze na nini kama hela ni ndogo?

Anza na kivuli juu ya paa. Kabla ya polisterini, kabla ya kiyoyozi. Kwetu jua la mchana liko karibu kabisa na utosi, na paa la kontena ni bati linalolipokea kuanzia asubuhi hadi jioni. Likishapata moto linakuwa kama kikaango kilichogeuzwa, linamwaga joto kwenye kichwa chako hata hewa ya ndani ikiwa inatembea. Ukizuia jua lisifike kwenye bati lenyewe, umeondoa sehemu kubwa ya tatizo, na upepo unaopita kati ya mapaa mawili unabeba joto lililobaki.

Kigamboni tulisimamisha miguu sita ya skwea paipu: minne juu ya pembe za chuma, miwili katikati juu ya reli. Hakuna hata mmoja uliokanyaga bati la paa. Pengo upande wa chini ni sentimita 40, upande wa pili tuliinua zaidi ili maji yateremke. Bati za juu ni nyeupe, na zimetokeza sentimita 80 kaskazini na kusini. Juni, jua la saa sita mchana likiwa upande wa kaskazini, ukingo huo unatupa kivuli kinachoshuka kama mita moja ya ukuta na kufunika nusu ya juu ya dirisha.

Tahadhari ni upepo. Paa la kivuli ni bawa. Miguu ifungwe kwa vyuma vya mshazari, na bati zikazwe kwa skrubu zenye raba kwenye kila mgongo wa pili pembezoni, vinginevyo siku ya dhoruba utalikuta kwa jirani.

Kama hata hilo huliwezi mwezi huu, paka paa rangi nyeupe. Gusa bati la kahawia na bati jeupe saa saba mchana, mkono utakuambia tofauti. Ila nyeupe ikishajaa vumbi nguvu yake inapungua, ioshe.

## Ndani niweke polisterini, pamba ya mawe au povu la kupuliza?

Povu la kupuliza ndilo bora, linaingia kwenye kila mkunjo na kunata kwenye chuma. Tatizo ni gharama na kumpata mwenye mashine anayejua kazi. Pamba ya mawe haishiki moto, lakini ikinyonya maji inalala chini kama godoro la zamani. Kwa vyumba vya kawaida vya pwani mimi hutumia polisterini ngumu, lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, unene sentimita 5, na kulifunika lote kwa jipsamu au plaiwudi. Lazima lifunikwe, kwa sababu likishika moto linawaka kwa moshi mweusi mzito. Na kwa sababu hiyohiyo usilipeleke kwenye kontena mpaka kuchomelea kote kumekwisha. Si karibu kumalizika. Kumekwisha.

Hesabu ya Kigamboni ilikuwa hivi. Kuta mbili ndefu, ncha ya magharibi na dari vina jumla ya mita za mraba karibu 48. Toa mlango na madirisha mawili ya sentimita 120 kwa 120, inabaki kama 43. Shiti moja ya mita 1.2 kwa 2.4 inafunika karibu mita 2.9 za mraba, kwa hiyo shiti 15. Tulinunua 17, mbili zikaishia kwenye vipande vya kujazia mikunjo.

Sasa kosa ninalolikuta mara nyingi. Fundi anachomelea fremu ya skwea paipu ukutani, anapachika polisterini katikati yake, halafu anagonga mbao moja kwa moja kwenye chuma. Chuma kinapitisha joto zaidi ya mara elfu kuliko polisterini. Joto linapuuza povu lako, linapitia kwenye paipu. Weka mkono kwenye ukuta wa ndani jioni, utaihisi mistari ya moto inayofuata fremu. Tumia mbao zilizotiwa dawa badala ya chuma, au angalau weka ukanda wa polisterini wa sentimita moja kati ya chuma na plaiwudi.

## Na ile karatasi inayong'aa ya aluminiamu peke yake?

Inasaidia ikiwa upande wake unaong'aa unatazama pengo la hewa la sentimita mbili au zaidi. Ukiibana kati ya bati na plaiwudi haina kazi, inakuwa karatasi tu.

## Mbona asubuhi dari linanidondoshea maji wakati mvua haikunyesha?

Huo ni umande wa ndani. Usiku usio na mawingu bati la paa linapoa kuliko hewa, na unyevu wa pumzi zako na wa nguo mbichi unageuka matone ya maji juu yake. Watu wa Nairobi, Arusha na Mbeya wanateseka na hili kuliko sisi. Dawa ni kinga ya joto iliyonata kwenye bati bila nafasi ya hewa nyuma yake, na tundu la hewa juu ya ukuta lisilofungwa usiku. Vile vitundu vidogo vyenye kofia vilivyokuja na kontena havitoshi kwa mtu anayelala.

Ukiwa na kiyoyozi pwani mambo yanageuka. Unyevu unatoka nje, unaingia kwenye vipengo vya mbao na kukutana na ubaridi wa chumba chako. Utaujua kwa ukungu mweusi kwenye pembe za jipsamu. Ziba vipengo, na usiweke kiyoyozi kwenye nyuzi 18 halafu ukaacha dirisha wazi.

## Si wanasema chuma cha kontena hakishiki kutu?

Wamesikia nusu. Chuma cha kontena kina shaba na kromiamu kidogo ndani yake, na kikilowa na kukauka, kikilowa na kukauka, kinatengeneza ngozi ngumu ya kutu inayopunguza kasi ya kuliwa. Ngozi hiyo inahitaji kukauka. Mahali penye maji yaliyotuama au hewa ya chumvi haishiki sawasawa, na kutu inaendelea kula. Kwa hiyo Iringa unaweza kuzembea kidogo. Kigamboni, Bagamoyo au Mombasa, rangi ndiyo ngozi.

## Basi nipake vipi ili rangi idumu?

Kontena langu la kwanza la pwani nililisugua vizuri, nikapaka redi oksaidi saa moja asubuhi, juu yake rangi ya mafuta, nikalipwa, nikaondoka nikiringa. Masika ya kwanza tu likatoa malengelenge kama mtu aliyeungua. Nilipopasua lengelenge moja kwa ukucha, maji yakatoka, na chini yake kutu mbichi ya rangi ya chungwa. Nilikuwa nimepaka juu ya chumvi na juu ya umande. Chumvi ikiwa chini ya rangi inavuta maji kupitia rangi yenyewe. Nilirudia kazi ile yote kwa hela yangu.

Tangu siku hiyo naosha kwanza. Maji baridi yasiyo ya chumvi, sabuni, brashi, kisha suuza kwa maji mengi kuanzia paani. Maji ya kisima cha pwani yaonje kabla, mengi yana chumvi. Likikauka, sugua kutu kwa brashi ya waya ya grenda na jiwe la msasa mpaka chuma king'ae, na kingo zote ulizokata uziviringe kidogo, kwa sababu rangi ikiwa bado mbichi inakimbia ncha kali na kuacha utando mwembamba. Kingo na mishono ipake kwa brashi kwanza, peke yake, ndipo upake ukuta mzima.

Kuhusu praima, chagua njia moja. Kama umefika kwenye chuma kitupu, weka praima ya epoksi yenye zinki. Zinki inajitoa mhanga, inaliwa yenyewe badala ya chuma, lakini ni lazima iguse chuma. Kama pana vishimo vya kutu usivyoweza kuvimaliza, tumia ile dawa ya kugeuza kutu iwe nyeusi, kisha epoksi ya kawaida. Usipake dawa hiyo halafu zinki juu yake, maana umeweka ukuta kati ya zinki na chuma, hela imepotea. Juu ya epoksi lazima ije rangi ya poliurethini, kwani epoksi ikipigwa na jua inageuka chaki. Epoksi inachanganywa makopo mawili, na kwa joto letu inaganda haraka, kwa hiyo changanya utakayoimaliza ndani ya nusu saa.

Saa ya kupaka utaijua hivi: pangusa sehemu kwa kitambaa kibichi. Pakikauka ndani ya robo saa, paka. Pasipokauka, kanywe chai kwanza.

Kuzibia pembeni mwa madirisha usitumie silikoni inayonuka siki. Ile harufu ni asidi, inaamsha kutu, na rangi haishiki juu yake. Tafuta gundi ya poliurethini.

## Sakafu ya zamani niiache?

Ni plaiwudi nzito ya milimita 28, imara sana, lakini mara nyingi imetiwa dawa ya kuua wadudu, na imebeba mizigo usiyoijua. Tazama ile picha ya bamba. Kama kuna dawa iliyotajwa, au pana madoa na harufu, usimlaze mtoto juu yake. Kwa fundi cherehani tulisafisha, tukapaka epoksi mikono miwili ifunge mbao kabisa, kisha tukaweka sakafu mpya juu. Usiisage kwa msasa, vumbi lake utalivuta wewe.

## Umeme na usalama wa kulala humo ndani?

Unalala ndani ya boksi la chuma. Waya mmoja ukichubuka kwenye kingo ya tundu, kuta zote zina umeme. Kila tundu la waya liwe na raba, kontena lenyewe liunganishwe na fimbo ya arthi, na kwenye bodi kuwe na kifaa kinachokata umeme ukivuja, cha miliampia 30. Hilo mwachie fundi umeme.

Milango mikubwa inafungwa kwa nje, na mtu yeyote anaweza kuifunga ukiwa ndani. Mlango mpya ufunguke kwa ndani bila ufunguo, na grili ya dirisha moja iwe na sehemu inayofunguka. Jiko la mkaa lisiingie, hata usiku wa baridi.

## Nikishamaliza, nikague nini na lini?

Kabla ya masika na baada ya vuli. Panda uondoe majani na mchanga kati ya mapaa mawili. Lala chini utazame vyuma vya tumboni na pembe. Pitisha kidole chini ya raba za milango mikubwa, hasa kona ya chini, ndipo kutu hupenda kujificha. Doa dogo lisugue, lipake siku hiyohiyo, na kopo dogo la rangi ileile liwepo ndani ya chumba. Yule mama wa Kigamboni lake analiweka chini ya cherehani, na brashi ameifunga kwa kipande cha kitenge isikauke.